Dawa ya usubi iliyotolewa bure: wanahisa, wadau na swali linalojibiwa haraka mno

Katika masomo ya maadili ya biashara kuna mtanziko mmoja unaotolewa darasani mwaka baada ya mwaka. Kampuni ya dawa ina kemikali inayouzika vizuri sana kama dawa ya minyoo ya mifugo. Mtafiti wake mmoja anaona dalili kwamba kemikali hiyo huenda ikatibu ugonjwa unaowapofusha watu maskini wa vijijini, wengi wao Afrika. Wagonjwa wenyewe hawana uwezo wa kulipa. Je, kampuni igharimie utafiti? Dawa ikipatikana, igawiwe bure? Mwanafunzi anaambiwa ajibu kwanza kwa mtazamo wa wanahisa, kisha kwa mtazamo wa wadau, halafu aeleze anasimama wapi.

Majibu mengi hufuata njia ileile. Ukurasa wa kwanza unasema wanahisa wangekataa kwa sababu hakuna faida. Ukurasa wa pili unasema wadau wangekubali kwa sababu wagonjwa ni binadamu. Mwishoni mwanafunzi anachagua wadau, anapata alama zake, na swali linafungwa kama vile lilikuwa la kupima nani ana huruma na nani hana. Naona huko ni kuyaonea mawazo yote mawili, na kulionea zaidi tukio lenyewe, ambalo ni la kweli na linatuhusu. Kampuni ni Merck ya Marekani, dawa ni Mectizan, na ugonjwa ni usubi, uleule unaojulikana Mahenge, Tukuyu, Ruvuma, milima ya Tanga, sehemu kubwa ya Kongo na kando ya mito ya Uganda.

Tuanze na mtazamo wa wanahisa, kwa sababu ndio unaopotoshwa zaidi. Milton Friedman, mchumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliueleza Septemba 1970 katika jarida la gazeti la New York Times. Hakusema kampuni ifanye lolote ilimradi ipate pesa. Alisema meneja ni mwajiriwa wa wenye kampuni, na kazi yake ni kuwaingizia faida ndani ya kanuni za msingi za jamii, zile zilizoandikwa kwenye sheria na zile za desturi ya maadili. Hoja yake nzito ilihusu madaraka. Meneja anayetoa pesa za kampuni kwa jambo jema ambalo wenye mali hawakumtuma anakuwa kama aliyejipa kazi ya serikali: anawatoza kodi wenye hisa, au wateja, au wafanyakazi, kisha anaamua peke yake kodi hiyo itumike wapi. Nani alimchagua? Mwenye hisa akitaka kuwasaidia vipofu anaweza kuchukua gawio lake akatoa mwenyewe.

Friedman alikubali pia kwamba kampuni inaweza kujenga shule au kusaidia mji ilipo, kama kufanya hivyo kutaifaidi baadaye kwa kupata wafanyakazi bora au hasara chache. Alichokataa ni kuliita hilo wajibu kwa jamii. Mwanafunzi asiyeijua sehemu hii hawezi kuuchambua uamuzi wa Merck, kwa sababu utetezi wa uamuzi ule kwa kiasi kikubwa ulipita hapohapo.

Mtazamo wa wadau ulipata sura yake maarufu mwaka 1984 kupitia R. Edward Freeman, mwanafalsafa wa biashara wa Marekani. Kwake mdau ni mtu au kundi lolote linaloweza kuathiri, au kuathiriwa na, juhudi za kampuni kufikia malengo yake: wateja, wafanyakazi, wauzaji wa malighafi, jamii inayoizunguka, na wanahisa pia. Meneja anawajibika kwa wote hawa, na kazi yake ni kutafuta namna ya kuyapatanisha maslahi yao.

Hapa wanafunzi hukimbia, na hapa ndipo ningewasimamisha. Mwaka 1978 mkulima wa bonde la mto huko Mahenge alikuwa mdau wa Merck kwa njia gani? Hakuwa mteja wake, hakuwa mwajiriwa wake, wala kiwanda chake hakikumwaga taka kwenye mto wake. Kampuni isingefanya chochote, maisha yake yangebaki yalivyokuwa. Ukimwita mdau kwa sababu tu kampuni ingeweza kumsaidia, basi kila binadamu ni mdau wa kila kampuni yenye uwezo, na neno linabaki halina kazi. Kwa hiyo nadharia ya wadau, ikisomwa kwa uangalifu, haisemi moja kwa moja kwamba Merck ilipaswa kutoa dawa. Inaweza kusema kwamba wajibu wa kumsaidia mkulima yule upo, lakini unatoka kwingine: kwenye wajibu wa kila mwenye uwezo wa kuokoa kwa gharama anayoimudu, au kwenye haki ya afya ambayo mdaiwa wake wa kwanza ni serikali.

Mdau ambaye hakuna anayeweza kumbishia ni mwingine kabisa: mtafiti aliyekuwa ndani ya kampuni. Ili kumwona vizuri inabidi tulitenganishe swali, kwa sababu mtanziko unaotolewa darasani umebana maamuzi mawili yaliyopishana kwa karibu miaka tisa.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa utafiti. Kiumbe kinachozalisha kemikali hiyo kilitoka kwenye udongo wa Japani, uliokusanywa na Satoshi Omura wa Taasisi ya Kitasato. William Campbell na wenzake wa Merck wakagundua nguvu yake dhidi ya minyoo ya wanyama, na dawa iliyotokana nayo, ivermectin, ambayo baadaye kwa binadamu iliitwa Mectizan, ikaingia sokoni kwa mifugo mwaka 1981 ikawa miongoni mwa bidhaa zilizoiletea kampuni pesa nyingi. Mwaka 1978 Campbell alimweleza Roy Vagelos, mkuu wa utafiti, kwamba huenda ikafanya kazi kwa mnyoo wa usubi pia, kwa kuwa ilikuwa imewaua viluwiluwi vya mnyoo wa ukoo huo kwa farasi. Mnyoo huo huenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye maji yaendayo kasi. Mnyoo mzima huishi ndani ya vinundu chini ya ngozi kwa miaka kumi na zaidi, akizaa viluwiluwi kwa mamilioni. Viluwiluwi hivyo vikisambaa kwenye ngozi huleta muwasho usiokwisha, na vikifika machoni, baada ya miaka huleta upofu.

Pima uamuzi huo kwa macho ya mwenye hisa. Gharama kubwa ya kuigundua kemikali ilikwishalipwa na soko la mifugo, kwa hiyo iliyobaki ni gharama ya majaribio kwa binadamu, yenye matumaini lakini isiyo na mnunuzi upande wa pili. Kulikuwa pia na hatari ambayo majibu ya darasani huisahau: kama dawa ingewadhuru watu kwenye majaribio, jina lake lingechafuka hata kwenye soko la mifugo lililokuwa likiingiza pesa. Upande wa pili wa mizani kuna elimu ambayo ingeweza kuzaa dawa nyingine, na kuna watafiti. Kampuni ya dawa inaishi kwa vichwa vya watu wachache wanaoweza kwenda kufanya kazi popote. Ukimwambia mmoja wao aiache rafuni dawa ambayo huenda ikazuia upofu, umemwambia pia amekuja kufanya kazi ya namna gani. Vagelos alilijua hilo, akaruhusu utafiti uendelee. Jaribio la kwanza kwa binadamu lilifanyika Dakar, Senegali, mwaka 1981, chini ya daktari wa Merck aliyeitwa Mohammed Aziz. Dozi ndogo ya mara moja ilivifuta viluwiluwi kwenye ngozi ya wagonjwa, bila madhara makubwa.

Kwa uamuzi huu, nasema bila kusita, mitazamo yote miwili inaweza kuafiki. Mwenye hisa anayeangalia mbali anaona thamani ya kuwabakiza watafiti na ya kujifunza jambo jipya. Mwenye mtazamo wa wadau anaona mfanyakazi anayeheshimiwa. Ukimwona mwanafunzi ameandika kwamba hapa wanahisa lazima wangekataa, ujue amehesabu mwaka mmoja tu wa mahesabu.

Uamuzi wa pili ulikuja 1987. Dawa imethibitika, mamlaka za Ufaransa zinaikubali, na Vagelos sasa ndiye mtendaji mkuu. Kampuni ilikuwa imetafuta mtu wa kuinunua kwa niaba ya wagonjwa: ikabisha hodi kwenye serikali ya Marekani na kwenye mashirika ya kimataifa, pesa hazikupatikana. Tarehe 21 Oktoba 1987 Merck ikatangaza kwamba itaitoa bure kwa kila anayeihitaji, kwa kiasi chochote kitakachohitajika, na kwa muda wowote itakapohitajika.

Bei ya bure haikuwa sadaka kubwa kama inavyodhaniwa, kwa sababu mapato yaliyoachwa yalikuwa karibu na sifuri. Hakukuwa na watu waliokuwa tayari kulipa ambao kampuni iliwasamehe. Kijiji ambacho kaya haina pesa za chumvi hakinunui kidonge kwa dola moja. Gharama ya kweli ilikuwa ya kutengeneza vidonge, kuvisafirisha, na kuendesha ofisi ya kuratibu mgao pamoja na kamati ya wataalamu wa nje, iliyowekwa Atlanta. Hizo kampuni yenye afya inazibeba. Kumbuka pia hoja ya Vagelos mwenyewe kuhusu Japani. Alisimulia kwamba baada ya Vita vya Pili vya Dunia Merck ilipeleka huko dawa ya kifua kikuu, streptomycin, bila kupata pesa, na miaka mingi baadaye ikawa kampuni ya dawa ya Kimarekani yenye nguvu kuliko zote nchini humo. Hayo ni maneno ya Friedman yaliyovaa kanzu ya wadau: toa leo, utavuna kesho.

Mtego wenyewe umo kwenye maneno ya mwisho ya tangazo, kwamba dawa itatolewa kwa muda wowote itakapohitajika. Hapo ndipo mitazamo miwili inagongana kweli.

Kidonge hiki hakimuui mnyoo mzima. Kinafuta viluwiluwi na kumpunguzia mama mnyoo uwezo wa kuzaa kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo watu wa kijiji kizima wanapaswa kumeza angalau mara moja kwa mwaka, mpaka minyoo mizima ife kwa uzee, na ugawaji ukilegea mzunguko unaanza upya. Mahenge ugawaji ulianza miaka ya 1990, na baada ya karibu miongo miwili watafiti bado walikuta maambukizi yakiendelea, pamoja na kiwango kikubwa cha kifafa ambacho kinahusishwa na usubi. Ahadi ya 1987 ilikuwa, kwa maneno mengine, hundi isiyo na tarehe ya mwisho. Iliwafunga wanahisa ambao mwaka huo walikuwa bado watoto, na watendaji wakuu ambao hawakuwa wameajiriwa. Mwaka 1998 ikapanuliwa kuingiza matende pale yanapokutana na usubi.

Kwa hoja ya Friedman, hapa ndipo kuna tatizo la madaraka. Zawadi ya mwaka mmoja unaweza kuitetea kwa jina zuri na watafiti wazuri, na kama haikuleta kitu unaisitisha. Ahadi isiyo na mwisho inamnyang'anya kila mwenye hisa wa baadaye nafasi ya kuuliza kama bado inalipa. Naiheshimu hoja hii, na mwanafunzi anayeiandika vizuri anastahili alama hata kama msahihishaji haipendi. Lakini nadhani inashindwa kwa jambo moja la kivitendo. Serikali isingeweza kuwafundisha watu, kuwapa rejista na kuingia vijiji vya mbali kwa ajili ya dawa inayoweza kukatika mwakani. Dawa ya kumezwa miaka kumi na tano mfululizo haina maana ikiahidiwa miaka miwili. Kwa ugonjwa huu, ama unaahidi mpaka mwisho ama hujaahidi kitu. Na mwenye hisa aliyenunua hisa za Merck baada ya Oktoba 1987 alinunua akiijua ahadi, kama anavyonunua kampuni akijua mikopo yake.

Nadharia ya wadau, iliyoshindwa kumtambua mkulima mwaka 1978, inapata nguvu kuanzia siku ya tangazo. Kuanzia siku hiyo yeye ni mtu ambaye maisha yake yanategemea kampuni kutimiza neno lake. Na kuna kundi jingine ambalo halimo kabisa kwenye swali la darasani: wagawa dawa wa vijiji. Ni wanakijiji waliochaguliwa na wenzao, wanaokwenda nyumba kwa nyumba na fimbo ya kupimia urefu, maana idadi ya vidonge hufuata kimo cha mtu, kuanzia kimoja hadi vinne. Wanawaruka wajawazito, wagonjwa mahututi na watoto ambao hawajafikia sentimita 90, na wanaandika kila jina. Wengi wao hufanya kazi hiyo kwa kujitolea, au kwa posho ndogo. Zawadi ya Merck ingeozea bohari bila jasho lao. Ukitaka kuutumia mtazamo wa wadau kwa ukali wake, uliza hapa: nani amebeba gharama ya wema huu, na jina lake limeandikwa kwenye ripoti ya nani?

Wanaoishia kwenye Mectizan huondoka wakidhani wamejifunza kwamba kampuni hii ni njema. Ningependa swali liendelee hadi Vioxx. Merck ileile iliingiza sokoni dawa hiyo ya maumivu ya viungo mwaka 1999. Mwaka 2000 matokeo ya utafiti mkubwa yalionyesha kwamba waliotumia Vioxx walipata mshtuko wa moyo mara nyingi zaidi kuliko waliotumia naproxen, dawa nyingine ya maumivu. Kampuni ilieleza kwamba huenda naproxen ndiyo inayoulinda moyo. Dawa ikabaki sokoni, mwaka 2003 ikaingiza takriban dola bilioni 2.5, hadi utafiti mwingine uliotumia kidonge kisicho na dawa kama kilinganisho ulipoonyesha hatari ileile. Iliondolewa Septemba 30, 2004, na siku hiyo hisa zilishuka kwa zaidi ya robo. Mwaka 2007 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 4.85 kumaliza maelfu ya kesi, bila kukiri kosa.

Kwa Vioxx nadharia mbili hazigombani hata kidogo. Mgonjwa anayenunua dawa ni mdau kwa kipimo chochote, na sharti la Friedman lenyewe linamtaka mfanyabiashara ashindane bila udanganyifu. Mzozo pale ulikuwa juu ya ukweli: nani alijua nini, lini, na ushahidi wa namna gani unatosha kumlazimisha mtu asimamishe bidhaa inayouzika. Mwanafunzi aliyezoezwa kuchagua kambi hana cha kuandika kwenye swali kama hilo, na ndilo swali ambalo wakurugenzi wa kampuni hukutana nalo mara nyingi zaidi.

Kwa wanaosomea Kenya kuna kosa moja zaidi la kuepuka. Kifungu cha 143 cha Sheria ya Kampuni ya 2015 kinamtaka mkurugenzi afanye kile anachoamini kwa nia njema kitaiendeleza kampuni kwa manufaa ya wanachama wake kwa ujumla, na katika kufanya hivyo azingatie matokeo ya muda mrefu, maslahi ya wafanyakazi, uhusiano na wateja na wauzaji, athari kwa jamii na mazingira, na sifa ya kampuni. Nimeona mara nyingi kifungu hiki kikitajwa kama ushindi wa wadau. Sivyo. Wadau wametajwa kama watu wa kuzingatiwa, na wanaonufaika bado ni wanachama, yaani wenye hisa. Mkurugenzi wa kampuni ya Nairobi ambaye angetoa ahadi kama ya 1987 asingeweza kujitetea kwa kusema tu kwamba wagonjwa walihitaji. Angepaswa kuonyesha kwenye kumbukumbu za bodi jinsi alivyoamini ahadi hiyo itaifaa kampuni kwa muda mrefu. Kwa tukio hili ushahidi huo ungepatikana kwa urahisi, lakini ni lazima uandikwe.

Ningekuwa mtunzi wa mtihani, nisingeuliza tena kama Merck ifanye utafiti au itoe bure. Ningewapeleka wanafunzi kwenye misitu ya Kongo, ambako pamoja na usubi kuna mnyoo mwingine, Loa loa. Mtu mwenye viluwiluwi vya Loa loa zaidi ya takriban 30,000 katika mililita moja ya damu anaweza kupoteza fahamu, au hata kufa, baada ya kumeza ivermectin. Njia salama ni kumpima damu kila mtu kwanza na kuwaacha wenye idadi kubwa, na upimaji huo unagharimu zaidi ya kukabidhi kidonge. Dawa ni ya bure. Kipimo si cha bure, na ahadi ya 1987 ilitaja dawa. Nani alipe, kwa hoja gani, na mtu anayebaki bila dawa kwa ajili ya usalama wake anamdai nani?